Tumepatana. Sasa niandike nini chini ya picha yetu?

Dada Mshauri,

Mimi na rafiki yangu tumejuana miaka 11. Miezi minne iliyopita nilimwambia siri, kwamba nataka kuomba kuhamia idara nyingine kazini. Wiki haikuisha, mkuu wangu akaniuliza habari hizo, na zilikuwa zimetoka kwa rafiki yangu. Tulirushiana maneno kwenye simu, kikafuata kimya cha miezi miwili. Katika kimya hicho niliweka stetasi: "Kikulacho ki nguoni mwako." Sikutaja jina, lakini marafiki zetu wa karibu walielewa, na yeye mwenyewe aliiona.

Baadaye tulikaa tukaongea. Amekiri kosa lake, nami nimemwomba radhi kwa ile stetasi. Jumapili iliyopita tulitoka kutembea. Mimi ndiye niliyesema haitanyesha. Mvua ikatukuta, tukajibanza kibarazani kwa watu na mwavuli mmoja uliovunjika njiti, na mpita njia akatupiga picha. Tumelowa chepechepe, amenilalia begani, tunacheka. Naipenda kuliko picha zote tulizowahi kupiga. Nataka kuiweka Instagram na kwenye stetasi. Nilipomuuliza alisema, "Weka tu, ila sitaki tuanze kujadiliwa."

Nimeandika kapsheni tatu, zote nimezifuta:
"Wagombanao ndio wapatanao. Nakupenda dada yangu."
"Bado tupo. Mliosubiri tuachane, poleni."
"Rafiki wa kweli ni yule anayekusamehe. Asante kwa kunivumilia."

Rafiki yetu mwingine anasema kwa kuwa nilimsema hadharani, nimsafishe hadharani. Nikiandika kitu chepesi naona kama nadanganya watu kwamba hakuna kilichotokea. Nikiandika ukweli, navunja ombi lake. Nifanyeje?

Mwenye Mwavuli

*

Mdogo wangu Mwenye Mwavuli,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye neno moja dogo la rafiki yako: "ila." Amekuruhusu kuweka picha, kisha hapo hapo akaweka mpaka. Wewe umeusikia mpaka huo kama ombi la kuficha. Mimi najiuliza kama ndivyo alivyomaanisha. Huenda anaogopa kuulizwa kazini kwake au nyumbani. Huenda anaogopa kwamba watu watagundua ni yeye aliyetoboa siri. Au amechoka tu, hataki tena kulitaja jambo ambalo mmeshalimaliza mkiwa wawili. Hizo ni hofu tatu tofauti, na kila moja inagusa maneno tofauti. Ulimuuliza "kujadiliwa" kwake ni kujadiliwa na nani? Kama bado, swali hilo litakusaidia kuliko kapsheni yoyote nitakayokupendekezea.

Sasa tuzitazame hizo tatu ulizozifuta, maana naona mkono wako ulijua kitu kabla ya kichwa chako kujua.

Methali ya kwanza ni nzuri, na ni ya kweli. Lakini neno lake la kwanza kabisa ni "wagombanao." Mwenzako wa kazini ambaye hakujua lolote anasoma neno hilo, kisha ndipo anatazama picha. Instagram huonyesha mwanzo tu wa maneno yako, mengine hubaki yamefichwa hadi mtu abonyeze, kwa hiyo maneno ya mwanzo ndiyo yanayopokea mgeni mlangoni. Hapo wewe umempokea kwa ugomvi. Methali zetu nyingi za urafiki ziko hivyo. Ukisema vyungu vya pamoja havikosi kugongana, umeshasema mligongana. Ukisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, kuna mtu atajiuliza ni nani hakukufaa. Halafu kuna jambo lingine ambalo ni lako wewe peke yako: mara ya mwisho ulipoandika methali kuhusu huyu rafiki, ilikuwa kijembe. Walioisoma ile wataiona hii kama sehemu ya pili ya hadithi ile ile. Yeye mwenyewe anaweza kushtuka akiona methali tena kwenye ukurasa wako, hata ikiwa tamu.

Ya pili sina haja ya kuisemea sana. Umempa nafasi yake mtu "aliyesubiri tuachane," na pengine hayupo. Walio wengi walikuwa wanaendelea na maisha yao. Ninachotaka ukione humo ni neno "bado." Kiswahili kina maneno madogo yanayobeba jana mgongoni bila kuonekana. "Bado tupo" maana yake kulikuwa na sababu ya kutokuwepo. "Tena" maana yake palikatika. "Hatimaye" maana yake palichelewa. "Licha ya yote," "pamoja na hayo," "tumetoka mbali," yote hayo yanamfanya msomaji aulize, "Kwani kulikuwa na nini?" Mimi mwenyewe niliwahi kuandika chini ya picha na mwenzangu wa zamani, "Tuko pamoja tena." Sikumaanisha chochote zaidi ya kwamba alikuwa amerudi kutoka safari. Jioni mama yake akanipigia simu kuuliza kama tulikuwa tumekosana. Neno "tena" peke yake ndilo lililompigisha simu.

Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu imeandikwa kwa moyo mweupe. Siku nyingine yoyote, "asante kwa kunivumilia" ni maneno ya kawaida kabisa kati ya marafiki. Lakini kwa wale walioiona ile stetasi yatasikika kama tamko la kukiri. Fikiria pia linavyowagawa: mmoja wenu anakuwa msamehevu, mwingine mkosaji, nanyi kwa maelezo yako mlikosana pande zote mbili. Naye atajibu nini chini yake? Akiandika "usijali, nimekusamehe," atakuwa amejiweka juu yako wakati anajua siri ilitoka kinywani mwake. Akinyamaza, watu watauona ukimya huo. Msamaha unaoombwa mbele za watu unamdai anayeombwa jibu mbele za watu, na huyu amekuambia hataki jukwaa.

Basi joto litoke wapi, kama halitoki kwenye ugomvi wala kwenye mapatano?

Irudie picha yenyewe. Umenieleza vitu vyake vyema kabisa: nguo zimelowa, mwavuli mmoja, kichwa begani, kibaraza cha watu msiowajua. Kapsheni inayokaa ndani ya picha haina haja ya kueleza yaliyotangulia, kwa sababu inazungumzia dakika ile tu, na dakika ile ni kweli tupu. Ila hata hapo kuna mitego, na nakuomba tuipitie polepole, kwa sababu mvua ni kitu hatari sana kwa mtu aliyetoka kupatana.

Ukiandika "Baada ya mvua," unajua watakavyosoma. Ukiandika "Mvua imetunyeshea lakini tumesimama," umeandika fumbo hata kama hukukusudia. Hata ile njiti iliyovunjika, ambayo mimi nimeipenda sana kwenye barua yako, mjuzi wa mambo yenu ataiona kama urafiki uliovunjika. Kitu kilichovunjika, kitu kilichopita, kitu kilichosimama imara, hivyo viache kwanza. Siku nyingine vitakuwa mwavuli tu, lakini kwa sasa masikio ya watu yamenolewa.

Kuna pia utani. Tuseme ingekuwa yeye ndiye aliyesema haitanyesha, nawe ukaandika, "Msimwamini huyu, alisema haitanyesha." Kwa marafiki wa miaka 11 huo ni utani wa kila siku. Lakini "msimwamini" kwa mtu aliyetoboa siri miezi minne iliyopita ni sindano, na yeye ataisikia ikimchoma kabla ya wewe kumaliza kucheka. Kwa bahati nzuri, umeniambia kosa la hali ya hewa lilikuwa lako. Hapo naona mlango. Jaribu kuisoma hii kwa sauti:

"Nilimwambia haitanyesha."

Ni maneno mawili tu, na ni ukweli. Lawama ya siku ile umeibeba wewe, lakini ni lawama ya mvua. Asiyejua lolote ataona watu wawili waliolowa, atacheka, ataandika habari za mvua. Aliyejua ugomvi ataona kwamba mnatembea pamoja na kulowa pamoja, na hilo linamtosha bila wewe kumwambia chochote. Na rafiki yako ataona kwamba unakumbuka alivyokutazama matone ya kwanza yalipoanza kudondoka. Hao ndio wasomaji wako watatu, mdogo wangu, na shida ya zile kapsheni tatu za mwanzo ni kwamba zilikuwa zinamwandikia yule wa katikati, aliyejua.

Unaweza kuona kwamba haina joto la kutosha. Nakuelewa, maana unatamani kusema unampenda. Kabla ya kuongeza, rudi nyuma kwenye picha zenu za zamani usome ulivyokuwa ukiandika. Kama ulikuwa mtu wa kuandika jina lake la utani na moyo mmoja mwekundu, basi hapo ndipo upendo wenu unapoishi, na watu waliozoea kuwaona hapo watajua mko nyumbani. Kama ulikuwa ukiandika maneno manne, halafu leo ukaandika aya nzima na mioyo tisa, urefu wenyewe utasema kuna jambo. Na kama siku zote uliandika aya ndefu za mapenzi, basi huo mstari wangu mfupi ndio utakaoonekana baridi, uuache, uandike kama ulivyozoea. Joto lisilozua maswali ni lile la kiwango chenu cha kawaida. "Nilimwambia haitanyesha. Na huyu wangu hakuniacha nilowe peke yangu" inaweza kuwa yenu kabisa, ingawa mimi ningelitazama mara mbili hilo "hakuniacha." Nawe litazame, kwa sababu unawajua wanaokusoma.

Nije kwa rafiki yenu anayesema umsafishe hadharani. Simpuuzi. Anasema jambo la haki, kwamba jeraha lililotolewa mbele za watu lisifungwe chumbani tu. Lakini tuhesabu. Ile stetasi haikutaja jina, na baada ya saa 24 iliondoka yenyewe. Walioiona wapo wengi, walioielewa ni wangapi? Watatu? Watano? Ili umsafishe hadharani itabidi kwanza useme ulimchafua, na ili hilo lieleweke itabidi useme kwa nini. Wale wote waliodhani ulikuwa unanukuu methali tu, leo ndio watajua ilikuwa juu yake. Unaweza kumtia doa jipya kwa watu ambao hawakuwa nalo.

Njia nyingine ni kuwafuata wale wachache mmoja mmoja, nje ya picha kabisa. Ujumbe mfupi: "Ile methali niliyoweka siku zile niliiandika kwa hasira, haikuwa haki yake. Tumeongea, tuko sawa." Hausemi siri, hausemi nani alianza. Una hatari yake pia: mmoja wao anaweza kuuliza zaidi, au kuusambaza. Ndiyo maana ningependa rafiki yako ajue kwamba unataka kuutuma na ajue unamtumia nani. Anaweza kusema, "Wewe tuma." Anaweza pia kusema, "Waache, wameshasahau," na jibu hilo nalo ni lake kulitoa.

Umesema unaogopa kudanganya watu. Nimeliwaza sana hilo, kwa sababu naona linakusumbua kweli. Picha ya Jumapili inasema Jumapili mlicheka. Haisemi hamkuwahi kulia. Hakuna aliyekuuliza swali ukamjibu uongo. Lakini niruhusu nikuulize jambo, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe: je, kuna sehemu yako inayotaka watu waone kwamba umesamehe? Uliumia. Ulikaa miezi miwili bila mtu wako. Kutaka mtu ashuhudie jinsi ulivyoinama kuokota urafiki wako si dhambi. Ila kama ndiyo haja yenyewe, kapsheni haitaishibisha. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umsimulie yote, ulie kama unataka kulia, kisha urudi kwenye picha ukiwa mwepesi.

Kuhusu pa kuiweka, umezitaja sehemu mbili kana kwamba ni moja. Stetasi yako ya WhatsApp inaonwa na walio kwenye simu yako, na humo wamo wale wale waliosoma kijembe, pengine na mkuu wako wa kazi. Ukitaka, kwenye faragha ya stetasi unaweza kuwaondoa baadhi au kuchagua wachache tu watakaoiona. Faida yake ni kwamba itapita siku moja tu. Hasara yake ni kwamba mahali pale pale palipokuwa na methali sasa pana picha, na mtu hawezi kukosa kuviunganisha. Instagram itakaa, na itakaa katikati ya picha zenu nyingine kama moja kati ya nyingi, jambo ambalo mimi naliona ni zuri. Humo pia ukimtagi, picha inafika kwa watu wake yeye, ambao huenda hawajui lolote. Mwachie achague kama atagiwe au asitagiwe. Anaweza kujitoa mwenyewe, lakini kujitoa baada ya watu kuona kunasema zaidi kuliko kutokuwepo tangu mwanzo.

Na kuna njia ya kutoiweka kabisa, ukamtumia yeye peke yake na ile kapsheni ya tatu, maneno yale yale ya msamaha na shukrani. Kwake, kwenye faragha, yanaweza kuwa barua nzuri kuliko zote alizopata mwaka huu. Hatari yake ni moja: ameshajua unataka kuiweka, na usipoiweka anaweza kudhani umeona haya kuonekana naye. Ukichagua hivyo, mwambie sababu.

Jiandae na komenti. Atatokea mmoja tu, mwenye nia njema kabisa, aandike, "Jamani mmepatana! Nimefurahi!" na kazi yako yote itakuwa imefunguliwa kwa maneno matatu. Kubalianeni mapema nani anafanya nini. Ukimjibu kwa maelezo, umefungua mjadala. Ukiifunga sehemu ya komenti tangu mwanzo, watu watajiuliza kwa nini. Ukiifuta komenti yake kimya kimya, anaweza kuumia. Kilichowasaidia baadhi ya walioniandikia kabla yako ni kumtumia mtu huyo ujumbe pembeni upesi, "Asante sana, ila naomba uifute hiyo, hatutaki ianze stori," na wengi hufuta wenyewe kwa aibu ndogo. Kama haonekani mtandaoni, basi ifute wewe kisha umwambie. Na rafiki yako naye ajue asijibu kabla hamjaongea.

Sijakuambia uiweke wala usiiweke, na sitakuambia. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kubonyeza chochote, umpigie simu. Usimtumie maneno kwa maandishi, mpigie. Msomee kapsheni kwa sauti yako, mara moja, bila kueleza ulichokusudia, kisha nyamaza. Akicheka hapo hapo, utajua. Akisema "sawa" baada ya kimya kidogo, muulize ni neno lipi lililomchelewesha, ulitoe hilo, umsomee upya.

Nami nikiwa bado nakuwaza, niambie: huo mwavuli mliuacha pale kibarazani au nani amebaki nao?

Dada Mshauri